Maiti Haulizwi Sanda, Seuze Mbinu

Juzi usiku tumepoteza raundi ambayo hata sasa nikifumba macho naiona. Counter-Strike 2, ile gemu ya risasi ya watano kwa watano, ramani ya Mirage, wao 12 sisi 11, na sisi ndio tunalinda. Tukishinda ni 12–12, tunaingia muda wa nyongeza. Tukishindwa, mechi imekwisha. Bomu limetegwa eneo la A, wao wamebaki wawili, sisi watatu, na mmoja wetu ana koleo la kutegulia.

Watatu kwa wawili na koleo lipo! Tukashindwa. Wala si kwa shabaha mbovu. Tulishindwa na maiti wetu wawili, yaani wenzetu waliokwisha kuuawa lakini maiki zao bado zinasikika.

Nieleze jinsi ilivyokuwa, na majina ya Kiingereza ni ya sehemu za ramani. Mimi nilikuwa Jungle. Mwenye koleo alikuwa upande wa CT. Wa tatu alikuwa anatoka B mbio, anapitia Market, bado hajafika. Maiti wa kwanza, ambaye alikuwa ndio kwanza ameanguka, akapasua maiki: "Amebaki na moja! Mmalizeni, amebaki na moja!" Yaani nukta moja tu ya uhai. Wapi? "Hapo hapo, kushoto!"

Kushoto kwa nani, ndugu yangu? Marehemu alikufa amegeuka, kwa hiyo kushoto kwake kulikuwa kulia kwangu. Mimi kushoto kwangu ni Ramp, nikatoka nimeelekeza bunduki Ramp. Jamaa yuko Palace, ananitazama mbavu. Nikalala.

Baadaye nikamuuliza alimpiga risasi ngapi. "Mbili hivi, kifuani." Alikuwa na bunduki ya M4A4. Risasi mbili za M4A4 kifuani kwa mtu aliyevaa vesti zinamwachia zaidi ya nusu ya uhai wake. Huyo ndiye "amebaki na moja". Angesema "nimempiga mbili mwilini" ningejua natoka kupambana na mtu mzima, ningemsubiri mwenzangu afike. Badala yake nilitoka kama naenda kuokota embe lililoanguka.

Na hapa lugha yetu yenyewe inatuponza. Kiswahili kina hazina ya "pale", "hapo", "huku", "kule", "palepale", na tukipata kiwewe ndizo zinazotoka kwanza. Mtu akinielekeza njiani kwa kidole, "pale" inatosha. Kwenye maiki hakuna kidole. Taarifa ianze na jina la mahali, kwa sababu mkono unaanza kusogeza kipanya mara tu sikio linapopata mahali: "Palace, mmoja, mbili mwilini." Nukta. Ukianza na "oya jamani kuna mtu mmoja anakuja", nimeshakufa kabla hujafika kwenye jina. Na kama hukumwona, umesikia nyayo tu, sema "nimesikia". Basi.

Lakini taarifa mbovu ningeisamehe. Kilichonichoma ni kilichofuata.

Bomu likishategwa, saa ya raundi inatoweka juu ya skrini, inabaki alama ya bomu inayomweka. Una sekunde 40. Kutegua kwa koleo ni sekunde 5, bila koleo ni 10. Na kwenye gemu hii ukiachia katikati hakuna akiba, unaanza sifuri. Sasa fanya hesabu na mimi. Mwenye koleo anaweza kugusa bomu mwishoni kabisa ikiwa zimebaki 5, lakini hilo ni kama hakuna anayempiga. Akifa, na koleo lake likaangukia mahali msipoweza kulifuata, mpaka wenu unaruka ghafla kutoka 5 hadi 10. Ina maana kila dakika ya maisha ya timu nzima, samahani, kila sekunde, inamzunguka mtu mmoja. Yeye ndiye anajua ana smoki ya kujifichia ndani ya moshi au hana, yuko hatua ngapi kutoka kwenye bomu, na wengine wafyatue flashi za kupofusha adui lini ili yeye avuke.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mambo yakiharibika na bomu linalia, anayeamua ni mwenye koleo. Si nahodha, si mwenye cheo kikubwa, si mwenye sauti ya bomba. Nahodha kazi yake ni kabla ya raundi na mwanzoni mwake, wakati kuna muda wa mpango. Na mara nyingi nahodha mwenyewe keshakufa.

Sisi? Mimi nimekufa, wamebaki wawili kwa wawili. Wa tatu amefika Jungle, anauliza, "Naenda?" Sekunde zimebaki kama 18. Maiti wa kwanza: "Tegua, tegua!" Maiti wa pili, ambaye muda wote alikuwa kimya na ningeomba angebaki hivyo: "Tunzeni bunduki!"

Tunzeni bunduki. Kwa 12–11. Za nini, za kuweka kwenye kabati? Hakuna raundi inayofuata!

Mwenye koleo akaangusha smoki juu ya bomu, akaingia, akagusa. Zimebaki kama 10, muda upo tele. Nikaona ule mstari wa kutegua unajaa. Ukafika katikati. Maiti wa kwanza akapiga kelele: "Achia, achia, anatokea!" Akaachia. Hakuna aliyetokea, marehemu alikuwa amesikia nyayo za mwenzetu anayekuja kumlinda. Akagusa tena. Mstari ukajaa, ukabaki upenyo wa kucha, bomu likalipuka.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hiki chetu kilikuwa na manahodha wawili walio chini ya maji.

Najua mtaniambia maiti anaona. Sawa, nakubali kwa shingo upande: anatazama kupitia macho ya aliye hai, hana bunduki ya kushughulikia, na mara mojamoja anaona kisigino kwenye kona ambacho aliye hai amekikosa. Akikiona, ataje mahali na anyamaze. Amri hana. Na kelele yake ina gharama ambayo yeye hailipi, kwa sababu kwenye gemu hii nusu ya taarifa ni nyayo, na mwenye koleo hawezi kusikia hatua za Palace huku anahutubiwa. Kazi moja ya kudumu ninayompa maiti ni kuhesabu: "ishirini", "kumi na tano", "kumi". Saa haipo kwenye skrini, na yeye hana shughuli.

(Tukiwa tunashambulia ni habari nyingine. Bomu letu likishategwa, wao ndio wanaokimbizwa na saa. Sisi tujifiche tu, na hapo hata kuamua si lazima sana.)

Jana tulijaribu. Kabla ya mechi tulikubaliana: mwenye koleo akisema "mimi", wengine wote kimya, maiti mmoja tu anahesabu. Wakiwa nalo wawili, anaamua aliye karibu na bomu. Raundi ya sita bomu likategwa B, mwenye koleo akasema "mimi", maiki zikatulia nikasikia hadi mtu anabadilisha risasi ndani ya Apartments. "Kumi na mbili," maiti akahesabu, sauti imenyooka kabisa. Tukategua.

Raundi ya tisa maiti yuleyule alinyamaza vilevile, hakuvunja sharti. Ila nikaona kwenye kona ya skrini, kwa herufi kubwa, ameandika: TEGUAAAA.