ALTER haina kosa, tatizo ni foleni

"Tuliongeza kolamu kwenye tebo ya oda yenye mistari milioni 200, ikajifunga dakika sita na saiti ikaanguka. Sasa wengine wanasema tusitumie tena ALTER moja kwa moja, tunakili tebo nzima pembeni. Wako sahihi?"

Wana hoja, sikatai. Ukitaka kubadili aina ya kolamu, au unatumia PostgreSQL ya kabla ya toleo la 11 na kolamu ina difolti, kwa kawaida tebo yote inaandikwa upya, na hapo kunakili pembeni ni kazi ya maana. Hata kwenye toleo jipya, difolti kama gen_random_uuid() itaandika upya kila mstari.

Ila kolamu tupu, au yenye difolti isiyobadilika, siku hizi haigusi mistari kabisa, inaandikwa kwenye katalogi tu na ni kazi ya milisekunde. Sasa zile dakika sita zimetoka wapi? Mara nyingi ni hivi: kuna mtu kaachia ripoti ndefu inasoma tebo, ALTER inataka kufuli la ACCESS EXCLUSIVE kwa hiyo inasubiri ripoti iishe, na kila SELECT inayokuja baadaye inakaa nyuma ya ALTER, hata kama yenyewe isingegombana na ripoti. Yaani ALTER haijafanya chochote bado, imesimama tu mlangoni, na watu wote wamekwama nyuma yake. Koneksheni zinajaa, kikomo cha difolti ni 100, basi kwisha habari. Ukiangalia pg_stat_activity utaona rundo la wait_event_type = 'Lock', na pg_blocking_pids() itakuonyesha mzizi, mara nyingine ni muamala uliokaa "idle in transaction" mtu kaenda kula.

Ndiyo maana naona ALTER inasingiziwa. Dawa yake ni fupi:

```sql
SET lock_timeout = '2s';
ALTER TABLE oda ADD COLUMN chanzo text;
```

Isipopata kufuli ndani ya sekunde 2 inakata tamaa, foleni inafunguka, unajaribu tena baada ya nusu dakika. Ikishindwa mara kumi, tafuta huo muamala mrefu, usiongeze muda. Halafu hao wa kunakili pembeni wanasahau kitu: mwisho wa siku lazima wabadilishane majina ya tebo, na hiyo nayo inataka kufuli lilelile, kwa hiyo ukiwa na ripoti ndefu utakwama vilevile, tena umeshatumia diski karibu mara mbili.

Kujaza thamani kwenye kolamu mpya ndiko kunakochosha. Usipige UPDATE moja ya milioni 200, jaza mistari 5,000 kwa awamu na komiti kila awamu. Ukitaka NOT NULL, weka kwanza CHECK (chanzo IS NOT NULL) NOT VALID, kisha VALIDATE CONSTRAINT, inakagua tebo bila kuzuia watu kusoma wala kuandika, na kuanzia toleo la 12 SET NOT NULL itaiamini hiyo CHECK bila kusoma tebo upya.