Bi harusi saa 12, marehemu saa 2

Wadau, kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya pete, naomba mnisikilize kidogo. Sijaolewa. Sijatoroka kuolewa. Yule mnayemwona kwenye stetasi ya shoga yangu, aliyevaa gauni jeupe na kichwa kimenaswa kwenye pikipiki pale Mbuyuni, ni mimi, sikatai. Lakini maneno aliyoyaandika chini yake, "bi harusi kabadili mawazo alfajiri," hayo ni yake na Mungu wake.

Ilikuwa siku ya kwanza ya kurekodi filamu fupi ya darasa letu. Mimi ndiye bi harusi. Tukio la kwanza halina hata neno moja: bi harusi amekaa peke yake kwenye ukingo wa shamba la migomba kule Uru, Kibo iko nyuma yake, jua bado. Mwongozaji aliutaka mlima mtupu, bila wingu, na aliyekulia Moshi anajua mlima wa namna hiyo hupatikana mapema. Ukichelewa unakuta umeshajifunika shuka. Mwezi huu wa Februari jua linachomoza kama saa 12 na dakika 38, na tulihitaji ule mwanga wa kabla yake. Yaani hapo una dakika chache tu za kufanya kazi, basi.

Sasa kolshiti. Kwa nyie ambao hamjawahi kukaa seti, kolshiti ndiyo karatasi inayomwambia kila mtu kesho awe wapi, saa ngapi na kwa kazi gani. Desturi ni itoke masaa 12 kabla ya mtu wa kwanza kuripoti, ili watu wapange usafiri wao na walale. Yetu iliingia kwenye simu yangu saa 4 na dakika 50 usiku, nimeshafunga chandarua.

Aliyeiandaa ni msaidizi wa pili wa mwongozaji, kijana mpole sana, simtaji jina kwa sababu mama yake ananifahamu. Alipata kiolezo kizuri cha kigeni ambacho kila mwigizaji ana saa zake nne: saa ya kuchukuliwa nyumbani, saa ya kukaa kwenye kiti cha mekapu, saa ya kuvaa, na saa ya kuingia seti. Kwenye simu yake jedwali lilikuwa halienei. Basi akafuta safu tatu. Akabakiza moja na kuiandika "Awe tayari". Juu kabisa akaweka, kwa herufi kubwa, WOTE SAA 11 ALFAJIRI LOKESHENI. Wote, kuanzia fundi wa jenereta mpaka anayeigiza maiti. Hapana, maiti alipewa saa yake. Hiyo tutaifikia.

Mstari wangu ulisomeka hivi: "1. Bi harusi. Awe tayari saa 12." Mimi ni mtoto wa Kibosho niliyelelewa na shangazi mwenye fimbo. Kwetu tayari ni tayari. Umeoga, umevaa, umesimama mlangoni. Gauni nilikuwa nalo chumbani tangu jana yake, la kukodi, lina mkia mrefu na shela mrefu kuliko mkia. Saa 9 usiku nikamgongea shoga yangu, jirani yangu hapa Majengo, ambaye anapamba maharusi wa kweli. Akaamka akilalamika, akanipamba. Namshukuru, mekapu ilikaa. Ndiyo hiyo mnaiona kwenye stetasi.

Nikakaa kitandani kusubiri gari. Lakini gari lipi? Kwenye ile karatasi hakuna dereva. Baadaye niliambiwa dereva hakuwekwa kwa sababu "si mwanafunzi". Gari lilikuwa Uru tangu saa 11, dereva amelala ndani yake, na mpambaji wa filamu amepanga brashi zake mezani ananisubiri mimi. Kila mtu alifika kwa wakati. Ndicho kinachoniuma.

Kufika saa 12 kasoro robo nikaita bodaboda. Shoga yangu akasema hawezi kuniacha niende hivyo, atashika mkia. Tukapanda mishikaki: dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma amekumbatia mkia wa gauni kama mtoto. Mkia ulikuwa na mtu wa kuushika. Shela haukuwa na mtu.

Hapa naomba niende polepole.

Mbuyuni saa hiyo akina mama wanashusha ndizi kutoka kwenye malori, taa chache, moshi wa chai. Dereva akapunguza mwendo kwenye tuta. Upepo ukatoka upande. Nikahisi kichwa changu kikiitwa nyuma, kwa upole kwanza, kama mtu anayetaka kuninong'oneza. Halafu kwa nguvu. Nikasikia sauti ya kitambaa kikijisokota, krrr, krrr, na dereva akisema, "Sista, umevuta nini?" Sijavuta kitu kaka, navutwa mimi! Akafunga breki. Shela ulikuwa umeingia kwenye spoku za tairi la nyuma ukazunguka mara kadhaa, na zile pini zote ambazo shoga yangu alizichomeka kwa ufundi wake wa saluni hazikukubali kutoka hata moja. Nikateremka kwa kurudi nyuma, kichwa kikiwa usawa wa ekzosi, nikapiga magoti. Mama mmoja akanisukumia gunia chini ya magoti, gauni lisichafuke.

Kimya kidogo. Kisha vigelegele.

Wadau, vigelegele vya Mbuyuni alfajiri vinafika stendi. Watu wakajaa. "Mae! Bi harusi!" Shoga yangu mnadhani alifanya nini? Alishuka, akaachia mkia, akatoa simu. Mwenye ndizi mmoja akaja na panga ili akate shela, mwenzake akamzuia kwamba shela wa harusi haukatwi, ni mkosi. Nikasema jamani si wa harusi, ni wa filamu, mimi ni mwigizaji. "Kamera iko wapi?" Iko Uru. Wakacheka mpaka lori likasimama.

Hapo ndipo, nikiwa nimeinama hivyo, nikapiga hesabu iliyotakiwa kupigwa jana yake mchana. Inapigwa kinyumenyume. Picha ya kwanza saa 12:25. Kabla yake robo saa ya kujaribu na kamera, kwa hiyo niwe seti saa 12:10. Gauni hili na vifungo vyake vyote ni dakika 20, kwa hiyo nianze kuvaa saa 11:50. Mekapu ya bi harusi, saa moja na dakika kumi, kwa hiyo nikae kwenye kiti saa 10:40. Majengo mpaka Uru gizani, na ile barabara, weka dakika 40. Gari lingenichukua saa 10 alfajiri, nimevaa kanga na ndala, na shela uko ndani ya boksi lake. Mpambaji angefika saa 10:20 apange meza, fundi wa jenereta dakika kumi kabla yake maana mekapu haipakwi kwa tochi ya simu. Watu wa kamera hata saa 11 na robo wangewahi. Na karatasi yenyewe ingetoka saa 10 jioni. Ni hesabu ya darasa la nne, ila mimi niliifanyia kwenye spoku.

Nikapiga namba iliyokuwa kwenye kolshiti. Nasema namba, kwa sababu ilikuwa moja tu, ya mwongozaji, na mwongozaji seti anazima simu ili isiingie kwenye sauti. Mpambaji hana namba, dereva hana namba, hata hospitali ya karibu hakuiandika, wakati Uru unakwenda kwa kuipita KCMC. Grupu la Wasapu likaniletea tiki moja, haiongezeki. Kule migombani mtandao unatafutwa kwa kupanda mti.

Ndipo akatokea mzee mmoja mwenye koti na miwani, akatuliza watu. "Binti, una ushahidi wowote?" Nikampa simu, kolshiti hiyo hapo. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaanza kusoma kwa sauti, soko zima linasikiliza. "Moja. Bi harusi. Awe tayari saa 12." Akanitazama. "Sasa hii si ratiba ya harusi?" Nikamwambia baba endelea chini. Akaendelea. "Mbili. Mama wa bi harusi. Saa 1." Watu wakaguna. "Tatu. Mchungaji. Saa 1 na nusu." Mama mwenye panga akasema "Si unaona?" "Nne." Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nne. Marehemu. Awe tayari saa 2."

Nawaambieni hata dereva wa boda alirudi nyuma hatua moja.

"Marehemu awe tayari?" mzee akauliza, taratibu. "Mwanangu, hao watu wanaotaka kukuoa ni akina nani?" Mama mwenye panga hakungoja jibu. Alikata ule shela kwa pigo moja, mkosi ukabaki kwenye tairi, akanisukuma kuelekea barabarani: "Kimbia, mama! Kimbia!"

Na mimi, kwa aibu, nikakimbia kweli. Ndicho kipande mlichokiona. Kwa nyuma yangu, kama hamkuangalia vizuri, pale juu ya mabati ya soko, Kibo imetoka yote, safi, haina wingu hata la dawa. Ndiyo ile picha ya kwanza ya filamu yetu, imepigwa na simu ya shoga yangu.

Mengine ni mafupi. Nilifika Uru karibu saa 2, mlima umeshaingia ndani, marehemu yuko tayari. Tukarekodi msiba kabla ya harusi. Mwenye gauni kanidai shela. Msaidizi wa pili alikuja jioni na jani la isale mkononi, na kwetu ukiletewa isale husemi kitu, unasamehe. Kolshiti ya siku ya pili ilitoka saa 9 alasiri, ina safu zote nne, ina dereva, ina namba za watu sita na ya hospitali. Ukiifungua kwenye simu lazima uigeuze upande. Tunaigeuza.

Tatizo limebaki Kibosho. Shangazi aliona ile video, hakupiga simu kuuliza, alituma shilingi elfu 20 na ujumbe: "Mchango wangu. Huyo mwingine usimrudie." Nimejaribu kumweleza. Amesema pesa haipokei, nitafute bwana harusi aliye hai.