"Ungenunua turubai": kati ya kumpa mtu pole na kumpa ushauri

*"Dada yangu ananunua dagaa pale Katonga, Kigoma, na kuwaanika. Juzi mvua imemkuta, mabeseni sita yameharibika. Akanipigia analia, nikamwambia angenunua turubai, halafu akaombe kikundi kimsogezee marejesho. Akasema 'sawa', akakata. Tangu hapo hapigi. Kwani kumshauri ndugu yako ni kosa? Mwenzangu kazini anasema siku hizi unamuuliza mtu kwanza kama anataka kusikilizwa au kushauriwa. Kwetu huku nani anauliza hivyo?"*

Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Aliyewahi kusimama mwaloni masika anajua thamani ya turubai, na kuwaomba wanakikundi wasubiri wiki moja ni jambo la busara. Ninavyoona, kilichomchoma dada yako ni ile silabi moja, "nge". "Ungenunua" si ushauri, ni hukumu ya jana. Jana hairudi, kwa hiyo hana cha kufanya na neno lako zaidi ya kujiona mjinga. "Tukitafuta turubai kabla ya giza lijalo", yaani siku zisizo na mbalamwezi, wavuvi watakaporudi ziwani, lingekuwa turubai lilelile lakini la kesho, na ndani yake upo na wewe. "Kwani" nayo ina tabia hiyo hiyo. "Kwani hukuliona wingu?" inatamkwa kama swali, ila mwenye machungu anaisikia kama kesi.

Tuitazame simu yenyewe. Dada alikuwa na mambo mawili mkononi: hasara na machungu ya hasara. Hasara inahitaji hesabu. Machungu yanahitaji mtu wa pili ayaone, na hapo Kiswahili kimetubeba, tuna "pole". Shida ni kwamba tumeizoea mno: tunampa pole anayetoka sokoni na tunampa pole aliyefiwa, hivyo kwenye jambo zito "pole" peke yake inapita kama salamu. Inayoshika ni ile inayotaja kitu chenyewe. "Pole dada. Mabeseni yote sita? Na ulivyodamka alfajiri kuwapokea!" Hapo hujamtatulia chochote, lakini anajua umefika mpaka pale kwenye mchanga na umeona alichokiona. Jihadhari na "afadhali": afadhali hukukopa zaidi, afadhali wewe, kuna waliozama. Kila "afadhali" inamwambia machungu yake yamezidi kipimo.

Sasa upande wako, maana una haki nusu. Kuna watu wamelishika hili la kusikiliza mpaka wamelifanya dawa ya kila kitu, nami sikubaliani nao. Bernard Rimé, mwanasaikolojia wa Ubelgiji aliyechunguza kwa miaka mingi kinachotokea watu wanaposimuliana yaliyowasibu, anaonyesha jambo linaloshangaza: msimuliaji aliyepokewa kwa upole anajisikia nafuu na anamwona msikilizaji kuwa wa karibu zaidi, lakini ukali wa tukio lenyewe haupungui sana kwa hilo tu. Ili upungue, inabidi alitazame jambo kwa namna nyingine, na mara nyingi anahitaji mtu wa kumsaidia kulitazama hivyo. Kwa hiyo ukimsikiliza dada yako kila jioni kwa wiki tatu, naye akirudia habari ya mabeseni sita kwa maneno yaleyale, hamjasogea. Mmebaki kuotea moto.

Tena kuna saa ambayo kumuuliza mwenye dagaa "unajisikiaje" ni upuuzi. Dagaa walioloa wanaanza kunuka na kubadilika rangi ndani ya saa chache. Kama angekupigia mvua ikiwa bado inanyesha, cha kufanya kingekuwa kutafuta paa, kuwatandaza upya, na waliokwisha kuoza kuwatenga wauzwe kwa chakula cha kuku. Machungu yangesubiri. Alipokupigia, lakini, kila kitu kilikuwa kimekwisha kuoza. Hakukuwa na la haraka.

Kuna na hasara ambazo hazina ushauri kabisa. Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, mchuuzi wa dagaa hakuwa na kosa la kusahihisha wala ziwa la kufungua. Wengi waliambiwa "fanya biashara nyingine" na watu wasiojua mtaji unapatikanaje. Jambo lisiloweza kubadilishwa linataka pole kwanza. Linaloweza kubadilishwa linavumilia ushauri mapema zaidi. La dada yako liko katikati: mvua si yake, turubai ni lake.

Na lile swali la mwenzako kazini? Ni zuri, ila likitafsiriwa vibaya linaua. Mwambie mtu wa Ujiji "unataka msaada gani kutoka kwangu?" uone. Atasikia mojawapo ya mawili: kwamba unatoa hela, au kwamba amekuchosha. "Msaada" kwetu una sura ya pesa, na ndugu anayeuliza anatakiwa nini anaonekana anatafuta mlango wa kutokea. Halafu wewe ni mdogo wake. Mdogo kumpangia dada vyumba viwili achague, kwenye simu, huku analia, hakukai vizuri.

Kuna na tatizo jingine. Mwaka 2000 Niall Bolger na wenzake walichapisha utafiti juu ya wenza ambao mmoja wao alikuwa anajiandaa na mtihani wa uwakili New York, kila mmoja akijaza shajara ya kila siku. Msaada ulioondoa huzuni vizuri zaidi ulikuwa ule ambao mwenza alisema ameutoa, lakini aliyepewa hakuuona kama msaada. Ulioonekana wazi ulikuwa na gharama yake: huenda ulimkumbusha mtu kwamba ameshindwa kujimudu. Swali linauweka msaada mezani, uonekane.

Hata hivyo mimi nauliza, ila si mwanzoni. Naanza na pole inayotaja kitu, nanyamaza, halafu nasema: "Leo nikusikilize tu, au tupige hesabu pamoja?" "Hesabu" haina aibu mwaloni, kila mtu anapiga. Na mara nyingi silazimiki kuuliza, maana mtu anajibu kabla. Akianza upya habari ileile kwa sauti ya juu zaidi, bado hajaona kwamba umesikia. Akisema "haya" au "sawa", amefunga. Akisema "sasa nifanyeje mimi?" usirukie, kwa sababu nusu ya wakati huo ni kilio kilichovaa nguo za swali. Mjibu kwa machungu: "Yaani inakatisha tamaa." Akirudia, "Hapana, kweli, marejesho ya Jumamosi nifanyeje?", hapo anakuuliza, na ukiendelea kumpa pole utamkera kama ulivyomkera kwa turubai.

Kwa sasa mpigie wewe, usisubiri apige. Usiitaje mvua kwanza wala kujieleza kwa nini ulisema ulichosema. "Dada, juzi nilikurukia na mambo ya turubai wakati mtaji umeoza mbele ya macho yako. Nisamehe. Ilikuwaje?" Akisema "yameshapita, mdogo wangu," msimulie habari za watoto, na Jumamosi, siku ya kikundi, uwe karibu na simu.