Mlima wa Asilimia Moja

"Kaka, nasafiri baada ya wiki tatu na nina yuro 1,500 za kubadili kuwa dola. Nimekutumia skrinishoti ya chati, yuro inapanda mwezi mzima. Ningoje ipande zaidi au nibadili sasa?"

Kabla ya kuutazama mstari, niliangalia namba za pembeni. Mhimili wa wima, unaoonyesha yuro moja ni dola ngapi, unaanzia 1.078 na kuishia 1.092. Programu nyingi za chati hujipangia hivyo zenyewe: huchukua kiwango cha chini na cha juu cha kipindi ulichochagua, kisha huunyoosha mstari mpaka ujaze fremu. Kwa hiyo mwezi wa utulivu na mwezi wa misukosuko hufanana kabisa kwenye simu, yote miwili ni mlima. Huu wako umeanzia 1.0790 na umefika 1.0915. Tofauti ni 0.0125, sawa na asilimia 1.16. Kwa yuro 1,500 ni dola 18 na senti 75.

Je, asilimia 1.16 kwa mwezi ni kitu? Inategemea sarafu hizo mbili huwa zinachezacheza kiasi gani pasipo sababu yoyote kubwa. Yuro dhidi ya dola, katika nyakati za kawaida, husogea kama nusu asilimia kwa siku, juu au chini. Msogeo huo haujumlishwi moja kwa moja, maana leo inapanda, kesho inashuka, na siku hula siku. Kanuni ya wachambuzi ni kuzidisha msogeo wa siku moja kwa kipeuo cha pili cha idadi ya siku za soko. Mwezi una siku kama 21, kipeuo chake ni 4.6 hivi, na nusu asilimia mara 4.6 ni asilimia 2.3. Yaani mwezi wa kawaida kabisa, usio na habari yoyote, unaweza kukuacha asilimia mbili juu au chini ya ulipoanza. Mlima wako ni nusu ya hapo.

Nikahesabu na siku. Kati ya 21, yuro ilipanda siku 12 na kushuka siku 9. Rusha shilingi mara 21 na utapata vichwa 12 au zaidi takriban mara moja katika kila majaribio matatu. Halafu kuna jambo ambalo macho hayalioni haraka: miruko miwili, kila mmoja wa siku moja, imebeba 0.0096 kati ya ile 0.0125. Siku nyingine 19 zote kwa pamoja zimeongeza 0.0029 tu. Huo si mteremko unaopanda polepole, ni ngazi mbili. Na ngazi za namna hiyo kwa kawaida huja siku ambayo takwimu za mfumuko wa bei au tamko la benki kuu limetoka. Soko hulipa habari hiyo ndani ya dakika chache. Anayeingia wiki mbili baadaye akidai anafuata mwelekeo anafuata kitu kilichokwisha kulipwa.

Wanaosema "ni kuyumba tu, badili uende zako" huonekana wavivu wa kufikiri, nami nadhani wanaonewa. Mwaka 1983 wachumi Richard Meese na Kenneth Rogoff walipima miundo ya kiuchumi iliyokuwa ikitegemewa wakati huo kutabiri viwango vya sarafu na kukuta kwamba, kwa kipindi cha hadi mwaka mmoja mbele, haikumshinda mtu anayesema tu kiwango cha kesho kitakuwa kama cha leo. Kama miundo yenye takwimu za riba, biashara na kiasi cha fedha ilikwama hapo, sioni picha yenye mstari mmoja ingepata wapi uwezo huo.

Upande wa pili nao una hoja, na si ndogo. Mwelekeo wa kweli upo. Mwaka 2022 benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba mwezi Machi huku ya Japani ikibakiza yake karibu na sifuri, na dola moja iliyonunua yeni 115 hivi mwanzoni mwa mwaka ikavuka 150 mwezi Oktoba. Hapo msogeo ulizidi kuyumba kwa kawaida kwa mbali sana, tena ulikuwa na sababu inayotajika, iliyoendelea mwezi hadi mwezi. Mwenye dola aliyengoja alifaidi. Wapo pia wafanyabiashara wanaoishi kwa kufuata mielekeo, ila wao hugawa fedha katika sarafu nyingi kwa miaka mingi, wakishindwa mara kwa mara na kufidia kwa mara chache kubwa. Msafiri ana mara moja tu. Dola hiyohiyo ilikaribia yeni 162 mwanzoni mwa Julai 2024, na tarehe 5 Agosti ikaonekana karibu na 142. Aliyekuwa na safari mwezi Agosti na chati ya miaka miwili mkononi alikuwa na kila sababu ya kungoja, akapoteza zaidi ya asilimia 10.

Kuna na picha inayodanganya kwa kunyooka. Sarafu inayoshikiliwa na benki kuu yake huchora mstari bapa usio na mikwaruzo, na ubapa huo hausemi utulivu. Tarehe 6 Machi 2024 Misri iliachia pauni yake, na dola ikatoka takriban pauni 31 hadi karibu 50 siku ileile. Chati ya mwezi wa kabla yake haikuonyesha chochote. Aliyejua alijua kwa kuona bei ya mitaani ilivyoachana na bei rasmi.

Sasa rudi kwenye yuro zako. Kiwango kilicho kwenye chati ni cha katikati, kati ya bei ya kununua na ya kuuza wanayopeana mabenki makubwa. Wewe hutauziwa kwa hicho. Dukani, kwa mfano, ukikuta wananunua yuro kwa 1.04 wakati chati inasema 1.0915, unaacha dola 77 na senti 25 kaunta. Mwezi mzima wa mlima uliokukosesha usingizi ulileta chini ya dola 19. Hesabu hii huwa nairudia kwa kila anayenitumia skrinishoti, na karibu wote hawajawahi kulinganisha maduka mawili, wamelinganisha Jumanne na Alhamisi. Ada ya kadi ya benki yako nayo haionekani kwenye chati yoyote.

Kwa wiki tatu zilizobaki, kanuni ileile ya kipeuo inatoa kama asilimia 2, juu au chini, yaani dola 30 na kitu kwa kiasi chako, na sina cha kukuambia itaangukia upande gani. Kama kushuka huko kutakuumiza kuliko kupanda kutakavyokufurahisha, badili nusu leo na nusu siku chache kabla ya safari, mradi duka halitozi ada ya kudumu kwa kila muamala, maana ada hiyo ikiwepo utailipa mara mbili.

Ungenitumia chati ya mwaka, yenye msogeo wa asilimia 15, uliotapakaa katika miezi badala ya kubebwa na siku mbili, wa sarafu ya nchi ambayo bei zinapanda kwa asilimia 30 kwa mwaka, ningekujibu vingine: fedha hiyo usiishike mapema, badili kidogokidogo kadiri unavyotumia.