"Bila ada" ndiyo inayotukata

Binamu, kinachokera ni hilo neno "bila ada" kwenye matangazo ya watoa huduma wa kutuma pesa nchi nyingine. Wengi wanaolitangaza hukata kwenye bei ya kubadilishia fedha, mahali ambapo risiti haionyeshi makato yoyote.

Chukua mfano huu. Natuma 200 za huku, na bei ya soko siku hiyo ni 100 za huko kwa kila 1. Wa kwanza hatozi ada, ila anabadilisha kwa 95, kwa hiyo unapokea 19,000. Wa pili anakata ada ya 4 waziwazi, zinabaki 196, kisha anabadilisha kwa 99. Unapokea 19,404. Kwa bei ya soko ungepokea 20,000, yaani huyo wa "bure" amechukua 1,000 za huko, sawa na 10 za huku, na wala hakuziita ada!

Ndiyo maana kabla ya kutuma naangalia mstari mmoja: kiasi atakachopokea mpokeaji. Nausoma kwa wote wawili wakati uleule, maana bei hupanda na kushuka siku hiyohiyo. Na kama wakala anakukata tena unapotoa taslimu, niambie mapema niyajumlishe makato hayo kabla sijatuma.