Heshi isipolingana, je, cheti ni feki?

Kijana wa Kondele, Kisumu, anaomba kazi Nakuru. Chuo chake kimeweka PDF ya cheti kwenye tovuti, na chini yake heshi ya SHA-256: mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutoka kwa kila baiti ya faili. Afisa wa ajira anahifadhi nakala aliyotumiwa kwa barua pepe, kisha anaandika kwenye Windows:

```
certutil -hashfile cheti.pdf SHA256
```

Jibu halifanani na la tovuti. Amkatae?

Wanaosema amkatae wana hoja nzito. Mtu akigeuza C kuwa A, mfuatano wote hubadilika, na hadi leo hakuna aliyeonyesha faili mbili tofauti zenye SHA-256 moja. SHA-1 ya zamani haina sifa hiyo: mwaka 2017 watafiti wa Google na CWI ya Amsterdam walitoa PDF mbili tofauti zenye heshi ileile.

Hata hivyo, heshi hupima baiti. Maana ya maandishi haiijui. Tovuti za kuombea kazi mara nyingi hukataa faili kubwa, basi kijana anakwenda saiba na mhudumu anaipunguza. Jina, alama na tarehe vimebaki vilevile, ila heshi ni nyingine kabisa. Kuifungua faili na kuihifadhi upya kwaweza kuleta matokeo hayohayo. Kubadilisha jina la faili pekee hakuigusi heshi.

Afisa anaweza kutazama sifa za PDF aone ni programu gani iliyoiandika na ilirekebishwa lini. Ni dalili tu, kwa sababu mghushi pia anaweza kuzibadilisha. Mimi ningeiweka kando nakala ya barua pepe, nipakue ile ya chuo, nikokotoe heshi yake, na ikilingana nisome alama humo. (Heshi ikianza na e3b0c442, karibu hakika umepakua faili tupu, rudia.) Kumnyima mtu kazi kwa sababu faili yake ilipunguzwa saiba ni dhuluma.

Kulingana nako kuna mipaka, na hapa ndipo naona waajiri wanapaswa kuwa wakali zaidi. Kiungo kikiwa kimetoka kwa mwombaji, huenda kinaelekea tovuti ya bandia ambako PDF na heshi vimetungwa na mtu mmoja. Andika anwani ya chuo mwenyewe. Tovuti halisi nayo ikivamiwa, mvamizi atabadilisha vyote viwili. Sahihi ya kidijitali ndani ya PDF ingemzuia, mradi ufunguo wa kutia sahihi hauhifadhiwi kwenye seva hiyohiyo.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Mfumo unaotengeneza PDF upya kila inapopakuliwa, ukiweka saa mpya ndani yake, hutoa heshi mpya kila mara, na mwenye cheti halali ataonekana mghushi. Chuo kitengeneze faili mara moja, kiihifadhi, kisha kitangaze heshi ya hiyohiyo.