Nyuzi 45 za akiba, kwa mwendo wa ukubwa gani?

Ripoti ya udhibiti ikiniambia kwamba mfumo una akiba ya awamu ya nyuzi 45, yaani kiasi cha kuchelewa unachoweza kuvumilia kabla haujaanza kuyumba, huwa nauliza: kwa mwendo wa ukubwa gani? Hesabu ya mstari hailijui swali hilo, maana kwake wimbi dogo na wimbi kubwa ni kitu kimoja. Kwa servo, mota inayofuata amri ya nafasi, si kitu kimoja hata kidogo.

Chukua servo inayogeuza bapa la kuongozea ndege kwa kasi isiyozidi nyuzi 60 kwa sekunde. Kidhibiti kinaiamuru icheze kwa wimbi la ω = 6 rad/s, karibu mzunguko mmoja kila sekunde. Kasi ya juu ya wimbi hilo ni Aω, A ikiwa kimo chake. Kimo kikiwa nyuzi 5, inatakiwa kasi ya 30, na servo inafuata vizuri. Kimo kikiwa nyuzi 20, inatakiwa 120. Kasi hiyo haipo, kwa hiyo servo inakimbia kwa 60 muda wote, na wimbi la mviringo linageuka kuwa pembetatu. Robo ya mzunguko ni sekunde 0.26, hivyo inafika nyuzi 15.7 tu.

Kimo kilichopungua ndicho kinachoonekana haraka, ila mimi naogopa zaidi kuchelewa. Amri ikishapita kilele na kuanza kushuka, servo bado inapanda. Inageuka pale tu inapokutana nayo, na φ ndiyo kuchelewa kwake:

```
cos φ = 15.7 / 20
φ ≈ 38°
```

Katika zile nyuzi 45 zimebaki 7, na hakuna aliyegusa kidhibiti. Ndege isiyo tulivu kwa asili inaumia mara mbili, kwa sababu hata kule kupungua kwa nguvu ya jibu kunaisogeza kwenye kuanguka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Gripen, ndege ya kivita ya Sweden, iliyoanguka Stockholm mwezi Agosti 1993: rubani alisogeza usukani kwa haraka na kwa kiasi kikubwa, mabapa yakagota kwenye kikomo cha kasi, na masahihisho yake yakawa yanafika yakiwa yamechelewa. Rubani aliruka akanusurika.

Dalili yake unaiona ukichora amri na nafasi halisi ya servo kwenye grafu moja. Ukikuta mistari iliyonyooka yenye mwinuko uleule, kupanda na kushuka, acha kurekebisha kidhibiti. Tatizo haliko huko.

Ningependa kila ripoti iandike kimo ambacho akiba yake ilipimwa, na kile ambacho Aω inafikia kikomo, ambacho hapa ni nyuzi 10. Amri kutoka kwa mwendeshaji unaweza kuipunguza kasi kabla haijaingia, naye atalalamika kwamba chombo kimekuwa kizito. Dhoruba huwezi kuipunguza kasi. Ikiwa mfumo si tulivu na dhoruba inadai zaidi ya nyuzi 60 kwa sekunde, kinachotakiwa ni servo yenye kasi zaidi.